Vyeti viwili vya miwani, jicho lile lile

Nilikiweka cheti kipya cha daktari wa macho mezani, kando ya kile cha miaka mitatu nyuma, nikashtuka. Jicho la kulia, kwenye safu ya SPH, lilikuwa −2.00. Sasa limeandikwa −2.75. Na safu ya CYL, iliyokuwa −0.75, imegeuka +0.75. AXIS nayo imetoka 180 ikawa 90. Nikajiambia jicho hili linakwisha.

Nilikuwa nimeshafungua fomu ya kuagizia lenzi mtandaoni. Sehemu ya CYL ilikuwa inakubali alama ya kutoa tu. Kidogo tu niandike −2.75, −0.75, 90 na kulipia. Lakini jambo moja lilinizuia: miwani yangu ya zamani nilikuwa nayo usoni, na kwa jicho hilo naona mbali vizuri. Nikampigia simu fundi aliyenitengenezea, nikamsomea vyeti vyote viwili.

"Kaka, jicho lako halijaenda popote," akacheka. "Daktari wako mpya anaandika kwa kujumlisha, wa zamani alikuwa anaandika kwa kutoa."

Alinieleza hivi. Konea yangu, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haiko mviringo sawasawa. Imebonyea kidogo, kama mpira uliokaliwa. Kwa hiyo jicho linahitaji nguvu mbili: −2.00 upande mmoja, na −2.75 upande unaoukata ule wa kwanza kwa nyuzi 90. SPH ni nguvu unayoanzia. CYL ni tofauti kati ya pande hizo mbili. AXIS, kuanzia 1 hadi 180, inaonyesha ulalo wa ule mstari wa lenzi ambao CYL haiugusi. Mmoja ameanzia −2.00 akashuka kwa −0.75 hadi −2.75. Mwingine ameanzia −2.75 akapanda kwa +0.75 hadi −2.00. Wamefika pale pale, na kwa kuwa wameanzia pande tofauti, AXIS lazima ipishane kwa 90.

Kugeuza mwandiko mmoja kuwa mwingine kunakwenda hivi: jumlisha SPH na CYL upate SPH mpya, badilisha alama ya CYL, kisha AXIS iongeze 90, au itoe 90 ikiwa jumla inapita 180. Nilijaribu kwa jicho la kushoto, ambalo cheti kipya kiliandika −2.25, +0.50, 80:

```
SPH:  −2.25 + 0.50 = −1.75
CYL:  +0.50 → −0.50
AXIS: 80 + 90 = 170
```

Ndiyo namba za cheti cha zamani, bila kupungua wala kuzidi. Kumbe nilichotaka kuagiza kwa jicho la kulia kingenipa −2.75 upande mmoja, sawa, lakini −3.50 mahali panapotakiwa −2.00. Hiyo ni kasoro ya 1.50. Miwani ya namna hiyo inaumiza kichwa siku ya kwanza, na wewe unadhani bado hujaizoea.

Kitu kipya hasa kwenye cheti kilikuwa safu ya mwisho: ADD +1.50. Hiyo nilikuwa naitarajia, maana simu nilishaanza kuisogeza mbali na uso, au kuvua miwani kabisa ili nisome. ADD ni nguvu ya kuongeza kwa kazi za karibu. Ukiagiza lenzi zenye sehemu ya mbali na ya karibu pamoja, unaiandika kama ilivyo. Mimi nilitaka miwani ya kusomea peke yake, kwa hiyo ilibidi niijumlishe mwenyewe kwenye SPH, huku CYL na AXIS zikibaki zilivyo:

```
Kulia:    −0.50   −0.75   180
Kushoto:  −0.25   −0.50   170
```

Hapo sehemu ya ADD inaachwa wazi. Ukiijaza tena baada ya kuijumlisha, unaweza kuletewa lenzi iliyoongezwa mara mbili. Umbali kati ya mboni na mboni haukuwepo kwenye cheti, nikarudi kliniki wakanipimia, dakika mbili.

Miwani ilipofika niliishika mbali na uso, nikatazama ukingo wa mlango kupitia lenzi moja huku nikiizungusha taratibu. Ukingo ulipinda kidogo, ukarudi. CYL imo, nikasema. Nikaivaa, nikafungua gazeti, herufi zikakaa wazi. Kisha nikainua macho kwenye saa ya ukutani, mishale ikawa ukungu. Nilikaribia kushika simu nimlalamikie muuzaji, ndipo nikakumbuka ile 1.50 nimeiweka kwa mkono wangu. Nikaivua, nikavaa ile ya zamani, nikasoma saa.