Sentensi ya tarehe 10

Mwanzoni mwa 2023 mimi na mwenzangu tulikodi chumba cha ghorofa ya pili pale Kondele, Kisumu. Kilikuwa na meza moja na dirisha lililotazama jua la mchana kutwa. Yeye alikuwa mhasibu aliyewahi kutunza vitabu vya duka la jumla kwa miaka sita. Mimi nilikuwa najua kuandika, au nilidhani najua. Kazi yetu ilikuwa kutunza hesabu za maduka madogo kila mwezi kwa malipo ambayo mwenye duka angeyamudu.

Wiki ya pili nikaketi kuandika matangazo. Kufikia Ijumaa nilikuwa na kurasa tatu za tovuti, maneno ya kipeperushi na ujumbe wa WhatsApp wa kusambaza kwa watu tuliowajua. Nilimpa mwenzangu asome. Akasoma akiwa amesimama, kisha akaweka karatasi tatu mezani bega kwa bega.

"Ndugu yangu, hizi ni kampuni tatu," akasema. "Tovuti inasema tunajaza kodi. Kipeperushi kinasema tuna programu ya kompyuta. Huu ujumbe unasema tunafundisha watu hesabu. Mteja akitupigia simu leo, nimwambie tunafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Akasema hatutampelekea mchapishaji chochote mpaka tuwe na sentensi moja inayotaja ni nani tunamhudumia, anapata nini, na kwa nini hicho ni bora kuliko anachofanya sasa hivi. Matangazo mengine yote yatatoka kwenye hiyo. Niliona ni ubishi wa mhasibu, watu ambao hawalali shilingi moja isipolingana. Nikadhani itachukua nusu saa.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa hili: "Tunatoa huduma za kisasa za uhasibu kwa biashara ndogo na za kati kwa ufanisi na uaminifu." Akachukua kalamu, akaandika juu yake jina la ofisi nyingine ya uhasibu iliyokuwa mtaa wa pili. Sentensi ilikaa sawasawa. Akaandika jina la ofisi nyingine tena. Bado ilikaa. Hakusema neno, na hakukuwa na haja.

La pili nililipenda sana, na kuliacha kuliniuma: "Usilipe tena faini ya KRA." Lilikuwa fupi, na kila mwenye duka Kisumu anaijua hofu ile. Lakini mwenzangu aliuliza swali moja tu: faini inaepukwaje? Ritani ya kodi ya mauzo inatakiwa iwasilishwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sisi tunaweza kuwa tayari tarehe 5, lakini mteja asipoleta risiti mpaka tarehe 21 faini inakuja vilevile, nasi ndio tulioahidi. Ahadi ambayo nusu yake iko mikononi mwa mtu mwingine si ahadi. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Mwenye duka akisikia neno kodi, akili yake inaenda kwa kijana wa saiba anayemjazia ritani kwa shilingi mia chache. Tukisimama kando ya yule kijana, bei yetu itaonekana wizi.

(Mwezi wa Julai mwaka huohuo kodi ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Rasimu yangu ya kipeperushi ilikuwa imetaja ile asilimia 1 kwa herufi kubwa. Kama tungelichapisha, tungeziwashia jiko zile karatasi elfu moja.)

Basi tukaacha kuandika tukaenda kusikiliza. Tulikuwa tumeshaamua kuanza na wenye hadwea, kwa sababu mwenzangu alizijua hesabu za bidhaa zile na kwa sababu barabara yetu ilikuwa imejaa maduka ya saruji na mabati. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye duka hatua chache kutoka kwetu, alikubali tumfanyie hesabu za Februari bure.

Nilimuuliza Februari ilikuwaje. "Ilikuwa nzuri, mwanangu," akasema. "Tili ya M-Pesa imeingiza laki mbili na thelathini. Taslimu kama tisini." Alikuwa sahihi kabisa. Shilingi 320,000 ziliingia. Lakini alipouliza kwa nini hana pesa za kulipa lori la saruji linalokuja, sote tulinyamaza.

Mwenzangu alikaa na daftari lake la jalada gumu siku mbili. Kando ya ile 320,000 kulikuwa na bidhaa za 60,000 ambazo mafundi walichukua kwa mkopo, zimeandikwa kwa penseli kwenye kurasa za nyuma, jina na kiasi tu, bila tarehe. Kwa hiyo mauzo ya kweli yalikuwa 380,000. Bidhaa zilizokuwa dukani mwanzo wa mwezi zilikuwa za 540,000, akanunua za 290,000, na mwisho wa mwezi zilibaki za 520,000. Maana yake vitu vilivyotoka vilimgharimu 310,000. Akabaki na 70,000. Ondoa kodi ya nyumba, mshahara wa kijana, umeme na usafiri, jumla 35,000. Faida ya Februari ilikuwa shilingi 35,000.

Mama akaangalia ile karatasi muda mrefu. "Sasa hiyo thelathini na tano iko wapi?"

"Mafundi wako nayo, mama," mwenzangu akamjibu. "Wanakutaka wewe uwangojee, kumbe wewe ndiye unayewadai 60,000. Faida yako yote iko mifukoni mwao, na sehemu ya mtaji juu yake."

Mimi niliandika maneno yake kwenye kiganja cha mkono, kwa kuwa sikuwa na karatasi. Mama hakuwa ametaja kodi. Hakuwa ametaja kompyuta. Alichouliza ni faida yake ni kiasi gani na iko kwa nani. Tuliporudi ofisini nikaandika: "Mwenye hadwea Kisumu, tunakuonyesha kila fundi anayekudai na faida yako ya mwezi, bila wewe kuacha kaunta."

Kosa lilikuwa wazi, mwenzangu akacheka mpaka akashika meza. Fundi hamdai mwenye duka, mwenye duka ndiye anayemdai fundi. Nilirekebisha: "kila fundi unayemdai". Nalitaja hapa kwa sababu nililisoma mara nne bila kuliona, na kipeperushi kingeenda hivyo.

Kisha tukaipima. Njia ilikuwa ya mwenzangu: msomee mwenye duka mara moja, weka karatasi mfukoni, ongea naye mambo mengine, halafu muombe amweleze jirani yake sisi tunafanya nini. Usimsaidie. Kinachobaki mdomoni mwake ndicho sentensi yako ya kweli, mengine ni mapambo.

Tulipima kwa watu watatu. Wa kwanza akamwambia jirani, "Hawa wanakusanya madeni." Wa pili, mzee mmoja wa rangi na misumari, akasema vivyo hivyo na kuongeza kwamba hataki ugomvi na mafundi wake kwa kuwa ndio wanaomletea wateja. Kwa kuanza na madeni tulikuwa tumejivika koti la madalali wa mahakama. Tukageuza mpangilio, faida ikatangulia, madeni yakafuata, na neno "tunakuonyesha" likabaki ili ieleweke kwamba kudai ni kazi yake mwenyewe.

Wa tatu aliuliza, "Mtanionyesha lini?" Hatukuwa tumefikiria. Mwezi ukiisha, wauzaji wa jumla huleta taarifa zao za madai wiki ya kwanza, na sisi tunahitaji siku mbili tatu za kulinganisha na taarifa ya M-Pesa. Tarehe 10 iliwezekana, na ilimwachia mteja siku kumi kabla ya ile tarehe 20 ya kodi. Sentensi ikawa hivi:

"Mwenye hadwea Kisumu, kila tarehe 10 tunakuonyesha faida yako ya mwezi uliopita na kila fundi unayemdai, bila wewe kuacha kaunta."

Tulipoitazama tukagundua kwamba imetupa kazi ambayo hatukuwa tumeipanga. Huwezi kusema faida bila kujua bidhaa zilizobaki, na "bila wewe kuacha kaunta" ilimaanisha mama hatahesabu yeye. Basi ni sisi tutakaohesabu, jioni ya mwisho wa mwezi, duka kwa duka. Hadwea ndogo ina vitu mamia, kuanzia misumari ya inchi mbili hadi bawaba. Tulikubaliana kuhesabu kila mwezi vile vichache vinavyobeba thamani kubwa, yaani saruji, mabati, nondo, rangi na mabomba, na vilivyobaki tuvihesabu kila baada ya miezi mitatu, katikati tukikadiria. Faida tunayoonyesha kwa hiyo ina makadirio ndani yake, na tulimwambia kila mteja hivyo kabla hajalipa. Mwenzangu alitaka neno "takriban" liingie kwenye sentensi. Tulibishana siku nzima. Nilishinda mimi, na hadi leo sina hakika kama nilipaswa kushinda.

Mambo mawili yalikufa siku hiyohiyo. Programu ya kompyuta tuliyotaka kuijenga, kwa kuwa hakuna mahali kwenye sentensi ilipotakiwa, na wenye saluni wawili waliotuomba huduma, kwa kuwa hawakuwa na mafundi wala saruji. Wale wa saluni tuliwakatalia kwa shingo upande maana tulikuwa na deni la kodi ya chumba.

Kipeperushi kiliandikwa asubuhi moja. Sentensi juu, chini yake mfano wa ukurasa wa hesabu wenye tarakimu za kubuni, bei, na namba ya simu. Mama wa Kondele akawa mteja wa kwanza kulipa, hesabu za Machi.

Tarehe 10 Aprili mwaka ule iliangukia Jumatatu ya Pasaka. Mimi nilikuwa nyumbani kwa wazazi upande wa Siaya, na tulikuwa tumekubaliana bila kusema kwamba kazi ni Jumanne. Saa mbili na robo asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, habari ya Pasaka."

"Njema, mama. Na huko?"

"Njema. Nimefungua duka. Leo ni tarehe 10." Akanyamaza kidogo, nikasikia mtu akiuliza bei ya simtanki nyuma yake. "Karatasi yenu haikuandika isipokuwa Pasaka."

Nilipanda matatu ya saa tatu.