Mstari Uliomwita Kwenye Usaili

Mwaka 2023 mimi na mwenzangu tulipewa kazi ya kuchuja wasifu wa walioomba nafasi ya mchambuzi wa usalama wa mtandao. Tangazo lilikuwa limetoka bila sisi kuliona. Lilitaka uzoefu wa mwaka mmoja hadi miwili, ujuzi wa Splunk, programu ya kukusanya na kuchambua rekodi za mifumo, ushiriki katika kushughulikia matukio ya uvamizi, na cheti cha CISSP.

Sharti la cheti lilinisumbua tangu mwanzo. CISSP kamili hutolewa na shirika la ISC2 kwa mtu aliyefaulu mtihani na mwenye miaka mitano ya kazi ya malipo katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya fani. Shahada inayokubalika au cheti kingine kinachotambuliwa hupunguza mwaka mmoja tu. Anayefaulu mtihani kabla ya kutimiza miaka hiyo huitwa Associate of ISC2, wala haruhusiwi kujiandika CISSP. Kwa hiyo tangazo letu lilikuwa likimtafuta mchanga mwenye cheti cha mkongwe.

Mwombaji aliyekuwa juu ya rundo aliandika CISSP kwa herufi nene, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Tulimwomba namba yake ya uanachama ili tuhakiki kwenye tovuti ya ISC2. Akajibu kwamba bado ni Associate. Kufaulu mtihani ule ni jambo kubwa, na angeliandika hivyo hivyo lingemsaidia. Chini yake alipanga zana nyingi, Splunk, Wireshark, Nessus na nyingine, lakini hakuna hata moja iliyoambatana na kazi aliyoifanya nayo. Sehemu ya matukio ilisema tu kwamba “alishiriki kukabiliana na matishio mbalimbali”. Tishio gani? Aliligunduaje? Alifanya nini baada ya hapo?

Wasifu wa pili mwenzangu alikwisha kuuweka pembeni. “Dada, huyu hajui Splunk. Ametumia Sentinel ya Microsoft. Na cheti ni Security+ peke yake, kile cha msingi.”

Nilimwomba tusome mstari wake wa tukio kwa sauti. Aliandika kwamba anwani moja ya IP ilijaribu kuingia kwenye akaunti zaidi ya mia moja, kila akaunti mara moja au mbili, na hakuna iliyofungwa. Alikusanya rekodi za Windows namba 4625, yaani majaribio yaliyoshindwa, kisha akatafuta 4624, yaani yaliyofaulu, kutoka anwani ile ile, akapata akaunti moja iliyofunguka. Aliizuia akaunti hiyo, akakata vikao vyote vilivyokuwa wazi, akabadilisha nywila, halafu akakagua kama sanduku la barua pepe lilikuwa limewekewa kanuni ya kupeleka nakala nje.

Kwangu hilo la mwisho lilitosha kumwita. Wengi hubadilisha nywila wakadhani wamemaliza, kumbe mvamizi amekwisha kuacha kanuni inayoendelea kumtumia barua kimya kimya. Mtu haandiki hatua hiyo kwa kunakili maneno ya tangazo.

Kuhusu Splunk, nilimwandikia mwenzangu kiini cha ukaguzi ule kwa lugha zote mbili, kwanza ya Sentinel, kisha ya Splunk:

```
summarize dcount(TargetAccount) by IpAddress
stats dc(user) by src_ip
```

Wazo ni lile lile: kuhesabu akaunti tofauti kwa kila anwani, badala ya makosa kwa kila akaunti. Ukihesabu makosa ya akaunti moja moja, shambulio la namna hii linapita, kwa sababu halifikii kiwango cha kufunga akaunti. Anayelijua hilo atajifunza maandishi ya Splunk akiwa kazini.

Cheti chake cha Security+ alikipata mwaka 2021, na kwa kuwa hudumu miaka mitatu, kilikuwa hai. Kiungo alichoweka kilifunguka kikiwa na jina lake na tarehe. Kwa nafasi ile kilitosha, nasi tukaomba sharti la CISSP liondolewe kwenye tangazo. Likaondolewa.

Mwenzangu hakukubali kirahisi, na pingamizi lake lilikuwa zuri: je, mvamizi akitumia anwani nyingi, kila moja akaunti chache? Hesabu ile haitamwona. Wasifu haukugusia hilo, kwa hiyo tukalifanya swali la kwanza la usaili.

Mwombaji alijibu kwamba angeacha kugawa kwa anwani, akahesabu akaunti zote zilizoshindwa kuingia ndani ya saa moja na kulinganisha na saa hiyo hiyo ya siku za kawaida, kisha akachunguza waliofanikiwa kuingia kutoka mtandao ambao hawajawahi kuutumia. Mwenzangu akamuuliza atafanyaje na wafanyakazi walio safarini, wakaanza kujadiliana wao wawili.

Tulimwajiri.