Muhuri wa Zambarau

Jana nilikwenda ofisi ya kata kugongewa muhuri fomu ya mwanangu. Mtendaji alipofungua kidau, harufu ya wino ikanirudisha Dar es Salaam, mwaka 2017, mbele ya meza ya mapokezi, nikiwa na nakala mbili za barua mkononi.

Yote yalianza na betri ya dukani kwangu. Betri kavu ya sola, volti 12, niliyoinunua kwa hela ya upatu. Mwezi wa pili tu, taa za duka zikaanza kuzimika saa mbili usiku. Nikawaandikia kampuni meseji tatu kwa WhatsApp, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Zote zikapata tiki mbili za bluu. Hakuna aliyejibu.

Baba, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge miaka mingi, akaniomba nimsomee zote tatu. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo. "Mwanangu, humu hakuna namba ya risiti, hakuna tarehe uliyonunua, na hujasema unataka nini. Wamekukosea kutokujibu. Lakini hata mwenye nia njema hapo ofisini angeanzia wapi?"

Akamwita fundi kwanza. Fundi aliiacha betri ichajiwe na jua mchana kutwa, jioni akaichomoa kwenye paneli na kwenye taa, ikalala hivyo hivyo. Asubuhi akaipima: volti 10.5. Akarudia siku ya pili, ikasoma vilevile. Betri nzima iliyojaa, alisema, ikipumzika husoma kama 12.7. Ndani yake mna seli sita, kila moja ina volti mbili na kidogo. Betri iliyoishiwa chaji tu hupanda ukiichaji. Hii imejazwa siku mbili na bado imepungukiwa volti mbili, kwa hiyo seli moja imekufa. Baba akasema hayo yote yaingie kwenye barua, maana jambo la kwanza watakaloniambia ni kwamba nimeitumia vibaya.

Barua ikawa ukurasa mmoja. YAH: BETRI YENYE HITILAFU NDANI YA MUDA WA WARANTI. Chini yake tarehe ya kununua, namba ya risiti, namba iliyochapwa ubavuni mwa betri, vipimo vya fundi, na tarehe za meseji zangu tatu bila neno la hasira. Kisha sentensi aliyoniandikisha Baba mara mbili: "Naomba nibadilishiwe betri ndani ya siku 14 tangu barua hii ipokelewe." Mwisho: Nakala kwa Tume ya Ushindani. Risiti nikaitoa fotokopi, kwa sababu zile karatasi za mashine hufutika.

Nikapanda basi la alfajiri.

"Acha tu hapo, watakupigia," dada wa mapokezi aliniambia.

"Naomba unigongee na nakala yangu."

Akanitazama. Akaingia ofisi ya ndani, nikasikia watu wakinong'ona. Magoti yalikuwa yananitetemeka, kama vile nimekuja kuomba mkopo na siyo kudai changu. Aliporudi akagonga muhuri, haukushika; kidau kimekauka. Akafungua kichupa, akadondosha wino, ile harufu ikajaa mapokezi, akagonga tena kwa nguvu. IMEPOKELEWA. Zambarau, umepinda kidogo. Akaandika tarehe kwa mkono na kutia saini. Kuanzia hapo hakuna ambaye angeweza kusema barua haikufika, na siku zangu 14 zikawa na pa kuanzia kuhesabiwa.

Siku ya tisa wakapiga simu. Wiki iliyofuata betri mpya ikafika. Meseji zangu hakuna aliyezitaja.

Mama Zuhura ndiye aliyenisaidia kuishusha kwenye bodaboda. Yeye alinunua betri kama yangu, wiki ileile, nayo ilikufa hata kabla ya yangu. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Baba alisema barua moja, mtu mmoja, shauri moja, ndivyo ofisi isivyopata pa kujifichia, nami nikatii. Mama Zuhura akashika mkono wangu akauliza, "Na mimi wataniletea lini?"

Tulipoifungua risiti yake aliyoihifadhi ndani ya Msahafu, ilikuwa karatasi nyeupe tupu. Hata tulipoiinamisha kwenye mwanga hatukuona tarakimu. Nilimwandikia barua bila namba ile, nikaipeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri. Siku 14 zikapita, na nyingine 14. Nikapeleka ya pili.

Betri yake bado iko barazani. Huikalia akichambua mchele, na nakala zake mbili zenye muhuri ninazo mimi, kwenye faili moja na yangu.