Nilivyotayarisha nywele na ndevu kwa ajili ya kuzungumza mbele ya kamera

Nilipoalikwa kutoa mada kwa njia ya video, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kupanga mwanga, na kwa kinyozi nilikwenda baadaye. Nywele zangu ni za kipilipili, ndevu ni nzito, na ngozi yangu ni nyeusi, kwa hiyo mwanga ndio unaoamua kama mtazamaji ataona taya au ataona doa moja jeusi kuanzia mdomoni hadi shingoni. Kamera ya kompyuta hupima mwanga wa picha nzima. Ukikaa na dirisha nyuma yako, au ukuta mweupe unaong'aa, kamera hupunguza mwanga ili kuusawazisha ule wa nyuma, na uso hufifia.

Niliigeuza meza ili dirisha liwe mbele yangu, upande kidogo, nikashusha pazia jembamba jeupe ili jua lisinipige moja kwa moja na kuacha mng'ao kwenye paji la uso. Taa ya darini niliizima kabisa. Taa hiyo hutupa kivuli chini ya kidevu, na kivuli hicho huungana na ndevu hata mstari wa shingoni, uliochongwa vizuri kiasi gani, usionekane. Vilevile humulika kila unywele uliosimama utosini. Kompyuta niliiinua juu ya vitabu hadi kamera ikawa sawa na macho, kwa sababu kamera iliyo chini huonyesha shingo zaidi kuliko uso.

Baada ya hapo nilijirekodi kwa muda mfupi nikiwa na ndevu zangu kama zilivyokuwa, kisha nikaipeleka video hiyo kwa kinyozi wangu. Niliona ni njia bora kuliko kumweleza kwa maneno. Aliitazama, akaniambia, "Kaka, shavuni tusishuke, hapa chini ndipo pana kazi." Alikuwa sahihi. Mstari wa shavuni aliufuata ulipoota wenyewe, akaondoa tu nywele chache zilizotawanyika juu yake, kwani mstari ulioshushwa sana hupunguza ndevu na huonyesha haraka tofauti kati ya shavu moja na jingine. Mstari wa shingoni aliuweka upana wa vidole viwili juu ya kikoromeo, ukapinda kuelekea nyuma ya masikio. Ukipandishwa hadi kwenye ukingo wa taya, nyama ya chini ya kidevu hubaki wazi kila unapozungumza, na kamera huionyesha bila huruma.

Nilimwomba atumie mashine bila wembe, na nilikwenda siku 2 kabla ya mazungumzo. Nywele zilizojikunja, zikikatwa karibu mno, ncha zake hurudi kuingia ngozini na kuleta vipele, na chini ya mwanga wa pembeni kila kipele huwa na kivuli chake. Siku 2 zinatosha wekundu na ukavu wa ngozi kutulia, ilhali mstari bado uko safi. Ndevu zenyewe alizichana kwanza kwa chanuo zikiwa kavu, ndipo akapunguza zilizochomoza. Zikiwa na maji hujikunja kwa namna nyingine, na ukishazikata hivyo huwezi kujua umbo lake litakuwaje zikikauka.

Asubuhi ya siku yenyewe nilibaki na vinyweleo vinavyosimama. Nilinyunyiza maji kidogo, nikasugua mafuta ya nazi kiasi cha punje ya mahindi viganjani hadi yakakaribia kuisha, nikapitisha mikono juu ya nywele na ndevu, kisha nikafunga kitambaa laini kichwani kwa dakika 15. Masharubu na ukingo wa ndevu nililaza kwa mswaki mpya. Mafuta yakizidi, kamera huyageuza kuwa madoa meupe yanayofanana na jasho, na dalili yake huonekana kwanza kwenye mashavu. Hapo karatasi ya shashi ikikandamizwa polepole inatosha. Nilitumia spika ndogo za masikioni, maana zile za kuvaa kichwani huacha bonde kwenye nywele za kipilipili.

Jaribio la mwisho nililifanya kwa kurekodi. Picha unayojiona nayo kwenye Zoom kwa kawaida imegeuzwa kama ya kioo, na katika mipangilio iko chini ya jina Mirror my video. Wenzako hukuona bila kugeuzwa, hivyo ndevu zilizoinamia kulia kwako huonekana tofauti kwao. Rekodi ilinionyesha pia kwamba ukungu wa kompyuta unaoficha mandhari ulikuwa unamega ukingo wa nywele kila nilipotikisa kichwa. Niliuondoa, nikatundika nyuma yangu kitambaa cha rangi ya udongo ambacho si cheusi kama nywele wala cheupe cha kuisumbua kamera, nacho kilionyesha umbo lote la kichwa bila kukatika.