Nilivyowaondoa vidung'ata kwenye krotoni ya sebuleni kwa kufuta na kupulizia sabuni

Vidung'ata wanapoingia ndani ya nyumba, mara nyingi dalili inayoonekana kwanza ni unyevu unaonata kabla ya mdudu mwenyewe kuonekana. Krotoni yangu huwa imekaa karibu na dirisha la sebule, hapa Kampala, na kilichonishtua ni vigae vilivyokuwa chini ya chungu chake: vilinata hata baada ya kupigwa deki, na sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwenye shina kwa mstari mmoja usiokatika. Vidung'ata hufyonza utomvu wa mmea, kisha hutoa ziada ya sukari kama matone ya asali, na matone hayo ndiyo yanayodondokea majani ya chini na sakafu. Yakikaa, huota ukungu mweusi unaofanana na masizi. Kwa hiyo nilipoona kunata pamoja na sisimizi, niliacha kuangalia sakafu nikaanza kukagua jani moja baada ya jingine.

Upande wa juu wa majani ulikuwa safi kabisa. Wadudu walikuwa pale ambapo kikonyo cha jani kinaungana na shina, katika pembe nyembamba isiyoingia kidole, na wengine walikuwa wamejipanga upande wa chini wa jani kando ya mshipa wa kati. Kidung'ata jike aliyekomaa ni mdogo, urefu wake ni milimita 3 hivi, hana mabawa, mwili wake ni wa duaradufu na umefunikwa na nta nyeupe ya ungaunga, yenye vinyuzi vifupi pembeni. Katikati yao palikuwa na vifuko vilivyofanana na pamba iliyochambuliwa. Hivyo ni vifuko vya mayai, na jike mmoja wa aina zinazopenda mimea ya ndani anaweza kutaga mayai mia kadhaa ndani ya kifuko kimoja.

Kabla ya kuchukua dawa yoyote nilitaka kuwa na hakika, kwa sababu kuna vitu vingine vyeupe vinavyokaa juu ya majani. Nilichukua kijiti cha meno nikaligusa doa moja. Alama ya maji yenye chumvi haisogei ikiguswa kwa kijiti. Ukungu wa ungaunga husambaa bila kuacha mwili wowote. Kidung'ata hung'oka mzima, na akibinywa hutoa majimaji ya rangi ya njano au ya machungwa. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima anayeuza miche ya maua kando ya barabara, alipoona jani nililomwonyesha aliniambia, "Mwanangu, usianze na sabuni. Anza na mikono. Sabuni haipiti kwenye hiyo pamba." Ushauri huo ulikuwa sahihi, na kazi yangu yote iliufuata.

Ukielewa kwa nini alisema hivyo, utajua pia kwa nini watu wengi hupulizia mara moja, wakaona wadudu wamerudi, wakakata tamaa. Sabuni haina sumu inayobaki kwenye jani. Inaua kwa kumgusa mdudu ikiwa bado mbichi: huharibu ngozi yake na utando wa chembe za mwili wake. Ikishakauka haina tena nguvu. Nta ya jike aliyekomaa humzuia asiloweke, na mayai yaliyo ndani ya pamba hayafikiwi kabisa. Anayekufa kwa urahisi ni mtoto aliyeanguliwa karibuni, mwenye rangi ya njano iliyofifia, anayetembea akitafuta mahali pa kutulia na ambaye bado hajajifunika nta. Kwa hiyo kufuta huondoa wakubwa na mayai, na sabuni huwashika watoto. Njia moja bila nyingine huacha nusu ya kazi.

Nilianza kwa kuitenga krotoni. Niliipeleka kwenye veranda yenye kivuli, mbali na mimea mingine, kwa sababu wale watoto hutembea kutoka mmea hadi mmea pale majani yanapogusana, na sisimizi nao huweza kuwabeba. Tawi moja lililokuwa limejaa pamba hadi kwenye ncha nililikata, nikalifunga ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kulitupa. Nilivaa glavu, maana utomvu wa krotoni huwasha ngozi na kuacha madoa kwenye nguo.

Kwa kufuta nilitumia vitu viwili. Upande wa chini wa majani niliufuta kwa kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukamuliwa, huku kiganja cha mkono wa pili kikilishikilia jani kwa juu lisivunjike. Nilifuta kutoka kwenye kikonyo kuelekea ncha, kisha nikageuza upande safi wa kitambaa kabla ya kugusa jani lililofuata, kwani kitambaa kichafu huhamisha mayai. Kwenye zile pembe za vikonyo kitambaa hakifiki. Hapo nilitumia vijiti vya pamba vilivyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70 inayouzwa famasi. Kijiti kinatakiwa kiwe na unyevu tu, kisichuruzike. Kinapomgusa kidung'ata, nta huyeyuka papo hapo na mdudu hubadilika kutoka weupe kuwa rangi ya hudhurungi, jambo linalokuonyesha waziwazi kwamba umemfikia. Kisha unakizungusha kijiti ndani ya pembe ile mpaka pamba yote ya mayai itoke. Kazi hii haifai kufanywa karibu na moto. Umeme ukikatika na mishumaa ikawashwa, chupa ya spiriti ifungwe na kazi ingoje kesho.

Nilianzia juu nikashuka, na sikuishia kwenye majani. Niliinua chungu nikakagua matundu ya chini, kisha nikapitisha mswaki wa zamani chini ya ukingo wa chungu, mahali ambapo watu wengi hawaangalii. Palikuwa na vifuko viwili vimejibana hapo, na laiti vingebaki, majani yote niliyoyafuta yangevamiwa upya.

Dawa ya kupulizia niliitengeneza kwa sabuni ya mche, ile ya kawaida isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha. Niliparuza kijiko kimoja cha chakula, bila kukijaza kupita ukingo, nikakiyeyusha katika maji kidogo ya moto, kisha nikaongeza maji hadi ikafika lita 1. Mchanganyiko huo ukipoa huelekea kuganda na kuziba mdomo wa chupa, kwa hiyo niliuchuja kwa kitambaa na nikawa ninautikisa kila mara. Asiye na sabuni ya mche anaweza kutumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili vya chai kwa lita 1, ingawa baadhi yake ni kali kwa majani kuliko sabuni halisi. Sabuni ya unga ya kufulia isitumike kabisa. Ina viungo vinavyounguza majani.

Maji nayo yana neno. Nilitumia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Maji ya kisima kirefu katika sehemu nyingi yana madini mengi, na sabuni ikikutana na madini hayo hugandamana ikawa ukoko mweupe unaoelea. Ukiona mchanganyiko wako hautoi povu, bali vipande kama maziwa yaliyokatika, ujue sabuni imeishia kwenye madini na hakuna iliyobaki ya kuua mdudu.

Nilijaribu kwanza kwenye jani moja, nikasubiri hadi siku ya pili nione kama kingo zake zitageuka rangi ya kahawia. Jani lilibaki zima. Ndipo nikafunika udongo kwa mfuko wa plastiki niliouzungushia shina, ili maji ya sabuni yasijae kwenye mizizi, nikapulizia asubuhi na mapema kabla ya jua kufika kwenye veranda. Nililenga chini ya majani na ndani ya pembe mpaka majani yakachuruzika. Kupulizia ukungu mwepesi hakutoshi, kwa kuwa mdudu asiyelowa hafi. Baada ya saa moja hivi niliosha mmea wote kwa maji safi.

Mayai yaliyosalimika huendelea kuanguliwa, na hapa kwetu hakuna msimu wa baridi kali wa kuwapunguzia kasi. Kwa hiyo nilirudia kukagua, kufuta na kupulizia kila baada ya siku 5 hadi 7, ili niwakute watoto kabla hawajajifunika nta. Kipimo changu kilikuwa karatasi nyeupe: niliiweka chini ya tawi, nikaligonga tawi kidogo, kisha nikatazama kwa kamera ya simu iliyokuzwa kama kuna chembe za njano zinazotembea. Katika kipindi hicho niliweka chungu juu ya mawe ndani ya beseni lenye maji na tone la sabuni ili sisimizi wasipande, kwa sababu huwafukuza wadudu wanaokula vidung'ata ili waendelee kupata ile asali. Nilisimamisha pia mbolea. Mbolea nyingi ya naitrojeni hutoa machipukizi laini yenye utomvu mwingi, nayo ndiyo chakula wanachokipenda zaidi.

Sikuirudisha sebuleni mpaka ukaguzi mfululizo ulipokosa pamba mpya na chembe zinazotembea, na majani machanga yakafunguka bila kunata.

Njia hii haifai kila mmea. Krotoni ina majani magumu yanayostahimili, lakini kangaga huungua kwa sabuni na kwa spiriti pia. Mimea yenye majani ya manyoya hubakiza maji ya sabuni ikapata madoa, na ile yenye majani manene yaliyofunikwa na unga wa asili hupoteza kinga yake ikifutwa. Kwa hiyo kangaga langu, lililokuwa jirani ya krotoni na kuambukizwa kidogo, nililisafisha kwa kuokota wadudu kwa kijiti cha meno na kulimwagia maji ya kawaida yenye kasi, na nikakata matawi yaliyozidi.

Iwapo mmea unaendelea kunyong'onyea ilhali majani ni safi, uvute utoke kwenye chungu. Pamba nyeupe iliyoshikana na mizizi, au iliyo kati ya udongo na ukuta wa chungu, ni ya vidung'ata wa mizizini, ambao sabuni ya kupulizia majani haiwafikii. Hapo huosha mizizi, hutupa udongo wote, husugua chungu kwa maji ya moto na kupanda upya. Mmea uliooza mizizi nusu au zaidi huufunga kwenye mfuko na kuutupa, kwani ukiachwa hapo hubaki kuwa chanzo cha kuambukiza mingine yote.