Pakiti ya pedi juu ya kitanda

Mwaka 2017 nilikuwa muuguzi wa chumba cha uzazi wa mpango, katika kituo cha afya kimoja kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye pazia la kitenge, na nje ya dirisha hilo ndipo lilipokuwa benchi la kusubiria. Aliyekaa mwisho wa benchi alisikia kila neno lililosemwa ndani. Ndiyo maana nilinunua redio ndogo ya betri nikaiweka pale dirishani. Mteja akikaa, nawasha. Wenzangu walidhani napenda taarabu.

Binti yule alikuja Jumanne asubuhi, siku ambayo hapakuwa na kliniki ya watoto, kwa hiyo benchi lilikuwa na watu wawili tu. Alikuwa na miaka 19, anajifunza ushonaji kwa fundi pale mjini, na kwenye ukosi wa gauni lake kulikuwa na sindano mbili alizozisahau.

"Shikamoo sista."

"Marahaba, karibu ukae."

Hakukaa. "Nataka ile sindano ya miezi mitatu. Nina haraka."

Miaka ya nyuma ningemchoma, nikaandika tarehe ya kurudi na kumwita anayefuata. Ameomba sindano, sindano ipo, presha yake ni nzuri, kazi imekwisha. Lakini nilikuwa nimeshaona mabinti wengi wakianza sindano na kuiacha baada ya dozi moja. Kila nilipouliza sababu, jibu halikuwa kuumwa kichwa wala kunenepa. Jibu lilikuwa, "Mama alijua."

Nikawasha redio, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba yatakayosemwa humu hayatoki, hata akija mzazi wake kuyauliza. Akakaa.

"Nani kakwambia sindano ndiyo nzuri?"

"Wenzangu kwa fundi. Wanasema haionekani. Kijiti kinaonekana mkononi, vidonge vinakutwa kwenye mkoba. Sindano ukishachomwa, nani atajua?"

Alikuwa amefikiri vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikamuuliza anaishi na nani. Akasema na shangazi yake, wanalala chumba kimoja, na nguo wanafulia beseni moja.

"Na pedi nani anakununulia?"

Akacheka kidogo kwa aibu. Shangazi. Kila mwisho wa mwezi analeta pakiti moja, anaiweka juu ya kitanda chake bila kusema neno. Ikibaki, mwezi unaofuata anauliza: mbona ya mwezi uliopita bado ipo?

Hapo nikamweleza jambo ambalo wenzake hawakumwambia. Ile sindano mara nyingi huvuruga hedhi. Miezi ya kwanza damu inaweza kuja matone matone wiki nzima, ikakata, ikarudi. Ukiendelea nayo, wanawake wengi huacha kabisa kuziona siku zao. Huo si ugonjwa, damu haijikusanyi tumboni wala kizazi hakijaharibika, ni namna dawa inavyofanya kazi. Ila kwa shangazi anayehesabu pakiti, binti asiyeona siku zake ana maana moja tu.

Akanyamaza. "Ningeweza kuzitupa."

"Ungeweza. Wapo wanaofanya hivyo na wanamudu. Wewe ndiye unayemjua shangazi yako."

Akafikiri, akatikisa kichwa. Shangazi angegundua. Na siku damu ingekuja wiki mbili mfululizo, hizo pedi za ziada angezipata wapi? Sikumkataza sindano. Nilitaka tu aione ikiwa ndani ya nyumba yao, si hapa chumbani kwangu.

Tukavipitia vingine kwa mtindo huohuo, kila njia tukiiuliza itajificha wapi. Vidonge vinahitaji kumezwa kila siku, na pakiti lazima ikae mahali. Mkoba wake shangazi hupekua akitafuta chenji. Kijiti nilikuwa nacho cha aina moja, cha miaka 3. Hakionekani kama wengi wanavyodhani, lakini ukipapasa upande wa ndani wa mkono wa juu unakigusa, na siku za kwanza kuna bandeji. Nacho pia huchezea hedhi. Kondomu tuliizungumza zaidi, kwa kuwa ndiyo pekee inayokinga magonjwa ya zinaa na virusi vya UKIMWI, na nilimwambia wazi kwamba njia yoyote nyingine atakayochukua haitamkinga na hayo. Akasema mpenzi wake huwa nazo, ila siku nyingine husema zimekwisha.

Nikamuuliza kama mwenzake huyo humlazimisha. Akanitazama usoni, akasema hapana, wanaelewana, ni yeye tu hataki kubeba mimba kabla hajamaliza cherehani. Nilisubiri kidogo kama kuna la kuongeza. Hakuongeza.

Hapa naomba niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Kitanzi sikukitaja mpaka mwisho, na nilikitaja kwa kusita. Nilianza kazi nikifundishwa na wakubwa zangu kwamba kitanzi ni cha mama aliyekwisha zaa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haisemi hivyo: msichana ambaye hajazaa anaweza kukitumia, ilimradi hana maambukizi kwenye mlango wa kizazi siku ya kuweka, ingawa kwake uwezekano wa kitanzi kuchomoka chenyewe ni mkubwa kidogo. Niliyajua hayo, lakini mazoea yana nguvu, na nina hakika wapo mabinti walioondoka chumbani kwangu bila kusikia jina lake.

Nikafungua droo nikatoa cha mfano, nikakiweka kwenye kiganja chake. Akakishangaa. Herufi T ya plastiki laini, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, imezungushiwa waya mwembamba wa shaba, na chini yake nyuzi mbili nyeupe. Akazivuta nyuzi kwa vidole vya fundi, kama anayejaribu uzi wa cherehani.

"Hiki si ndicho kinapanda mpaka kwenye moyo?"

Nikamchorea kizazi nyuma ya boksi la glavu. Mfuko wenye ukubwa wa pea, juu umefungwa, hauna njia ya kwenda kifuani. Kitanzi kinakaa humo, shaba inazizuia mbegu za mwanamume zisilifikie yai. Hakina homoni, ndiyo maana siku zako zinaendelea kuja kwa mwezi wako uleule.

Akainua macho. "Siku zinaendelea?"

"Zinaendelea. Tena miezi mitatu hadi sita ya mwanzo huja nyingi zaidi, na tumbo huuma zaidi. Zako zikoje?"

Zake zilikuwa siku nne, chache, na tumbo lilimuuma siku ya kwanza tu. Nikafunua kope zake za chini kuona kama damu inamtosha, zilikuwa na wekundu mzuri. Nikamwambia mengine bila kupunguza: kuweka kunauma, kama tumbo la hedhi lililobana kwa ghafla, kinaweza kudumu miaka zaidi ya 10, lakini akikitaka kitoke hata kesho, nitakitoa bila kumuuliza sababu, na uwezo wa kupata mimba unarudi palepale. Sindano ingemchelewesha miezi kadhaa. Kati ya wanawake 100 wenye kitanzi, kwa mwaka hafiki hata mmoja anayepata mimba. Wa sindano, kwa jinsi tunavyosahau tarehe, ni kama wanne.

"Mwenzangu atajua?"

"Anaweza kuzigusa nyuzi. Akilalamika, njoo nizipunguze."

Sikumwomba aamue. Siku ile ilikuwa ya 9 tangu aanze hedhi, na kitanzi cha shaba unaweza kukiweka hadi siku ya 12 bila kuhofia kwamba ana mimba changa. Nikampa kondomu, akakataa kuzibeba nyumbani, akasema ataziacha kwa mwenzake. Kisha akaniuliza kuhusu kadi.

Tukakubaliana kadi ibaki kwangu, kabatini, nami nishike ufunguo. Namba ya simu hakunipa, kwa sababu simu ilikuwa ya shangazi. Kilibaki Kitabu cha 8 cha MTUHA, daftari la kituo la wateja wa uzazi wa mpango, ambacho lazima kiandikwe jina. Kitabu kile hukaa wazi mezani, na anayeandikwa husoma majina yote yaliyo juu ya lake. Nilikata kipande cha boksi chenye urefu wa ukurasa, nikaacha tundu la mstari mmoja. Nilimwonyesha. Akaweka kidole kwenye tundu, akahakikisha jina la mtu mwingine halionekani, ndipo akataja lake.

Alhamisi akarudi. Sindano mbili zilikuwa bado ukosini, au labda nyingine. "Kitanzi," akasema kabla sijamkaribisha.

Nilimpima. Mlango wa kizazi ulikuwa safi, hauna usaha, haukutoa damu nilipougusa, na kizazi hakikumuuma nilipokisogeza. Kipimio cha urefu wa kizazi kikasoma sentimita 7, unatosha. Nilimwambia kila hatua kabla ya kuifanya, na alipobana meno nilisimama mpaka aseme endelea. Aliegemea ukuta kama robo saa, akanywa ibuprofeni na maji, akaondoka. Nikamwambia arudi baada ya hedhi moja, au siku yoyote akipata homa, maumivu makali chini ya kitovu, uchafu wenye harufu, au akikosa siku zake.

Wiki mbili baadaye akaja shangazi. Nilimfahamu, alikuwa akileta mjukuu wake kupimwa uzito. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Sista, kuna mtu kanambia amemwona binti yangu anatoka humu. Kafuata nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo, hata hivyo moyo ulinidunda. Sikusema hakuja, kwa kuwa uongo ungenirudia. Sikusema alikuja.

"Mama, humu wanaingia wengi, na habari ya anayeingia siisemi. Nawe ukija na lako, hata binti yako akiniuliza, hatalisikia kwangu. La binti muulize binti. Muulize kwa upole, anaweza akakwambia."

Akanitazama kwa muda mrefu. Akampandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga, akaenda zake bila kuaga. Kama alimuuliza, sijui.

Binti alirudi mwezi uliofuata. Niliona nyuzi zote mbili mahali pake. Tumbo lilimuuma siku tatu, damu ilikuwa nyingi, dawa ilimsaidia. Nikamuuliza nyumbani wanasemaje.

"Shangazi kanunua pakiti mbili," akasema. "Analalamika kwamba pedi za siku hizi ni nyepesi."