Nilivyofuta neno "hutibu" kwenye tangazo la mlonge

Shangazi yangu anauza unga wa majani ya mlonge Muheza, mkoani Tanga, na matangazo yake ninayaandika mimi. Siku moja alinirushia ujumbe wa sauti kutoka kwa mteja wake, mstaafu wa pale pale mjini. Mzee anasalimia kwa utaratibu, anaulizia watoto, anaulizia mvua, halafu ndipo anafika kwenye lake: "Sasa mama, huu unga nikishauanza, vile vidonge vya sukari naviacha lini?"

Nilichoka na hilo "lini". Habari ya kuacha kwake ilikwishaamuliwa, na aliyemwamulia ni mimi.

Nikalifungua tangazo nilisome kama yeye. Maandishi makubwa ya kijani: "MLONGE, MTI WA MIUJIZA! Hutibu magonjwa zaidi ya 300." Chini yake orodha: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, ganzi, nguvu za kiume. Pembeni nimebandika daktari niliyemwokota mtandaoni, kipimo kinaning'inia shingoni. Hiyo 300 sikuitunga. Wauza mlonge wengi wanaitumia, na sijakutana na hata mmoja awezaye kuyataja magonjwa 30.

Kisheria pia tulijiweka pabaya. Unga wa kutia kwenye uji ni chakula, na tangu 2019 chakula Tanzania Bara kinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Ukiandika "hutibu kisukari" umeutoa mwenyewe kwenye chakula ukaugeuza dawa, na dawa ya asili ina mlango wake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Shangazi hakuwa amepita mlango huo. Ana majani, kinu na chekeche.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho nadhani kila mwandishi wa matangazo hukifanya kwanza: nikafuta "hutibu" nikaweka "husaidia". Husaidia kudhibiti sukari, husaidia kushusha presha. Nikajiona nimemaliza kazi. Ila ile sauti ya mzee haikunitoka, nikataka kujua mtu anasikia nini hasa. Nikalionyesha tangazo jipya kwa watu watatu ambao hawakuwa na sababu ya kunipamba: dereva wa bodaboda, mama muuza chapati, na kijana wa duka la simu. Nilimpa kila mmoja muda wa kusoma, nikaichukua simu yangu, nikauliza swali moja tu: "Hiki kitu kinafanya nini?"

Wote watatu walijibu kwa jina la ugonjwa. Mama wa chapati alisema, "Dawa ya presha, si ndiyo?" Neno "husaidia" hakuna aliyelikumbuka. Dereva alimkumbuka daktari.

Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu, na sijapata bora zaidi. Kama msomaji akiondoka na jina la ugonjwa mdomoni, tangazo limedai kutibu ugonjwa huo, hata kama neno lenyewe halimo. Picha inadai. Koti jeupe linadai. Hata jina la bidhaa linadai. Ungeuita "Sukari Sawa" usingehitaji kuandika kitu kingine chochote. Daktari akaondoka, orodha ya magonjwa ikaondoka, na zile "asili haina madhara" na "kuondoa sumu mwilini" zikafuata. Hiyo ya sumu ni mbaya kwa namna yake, maana hakuna anayeweza kusema ni sumu gani wala utajuaje kwamba imetoka.

Na hilo la kutokuwa na madhara halikuwa kosa dogo. Kuna tafiti ndogondogo zinazoonyesha kwamba majani ya mlonge huenda yakashusha sukari ya damu kidogo baada ya mlo. Wengi wanaziona kama ruhusa ya kutangaza dawa. Mimi nilipozisoma niliona sababu ya kuonya: mtu anayemeza vidonge vya sukari akiongezea kitu kingine cha kuishusha, anaweza kushuka kupita kiasi akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Na anayeacha vidonge kwa kutegemea kijiko cha unga, sukari yake inapanda kimyakimya. Kote kuwili hasara ni ya mteja.

Zikabaki namba, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Nilikuwa nimeandika kwamba mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa na vitamini C mara saba ya chungwa. Nilizipenda sana sentensi hizo, kwa sababu zilionekana za kisayansi na wala hazikutaja ugonjwa. Shangazi naye alizipenda. Nikaamua kuzipima kwa mizani ya jikoni.

Jedwali linalozunguka kwa wauza mlonge linasema gramu 100 za unga mkavu zina kalsiamu kama miligramu 2,000. Maziwa yana kama 120 kwa gramu 100. Gawanya, utapata 17 kasoro kidogo. Hesabu ni sahihi kabisa, ila hakuna mtu anayekula gramu 100 za unga wa mlonge. Tulipima kijiko cha chakula kilichosawazishwa, kikatoa gramu 7. Humo mna kalsiamu kama miligramu 140. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Kijiko chetu, basi, hakifiki hata nusu glasi. Ili mtoto azifikie zile gramu 100 za jedwali, ingebidi ale vijiko 14 kwa mpigo, na uji wenyewe ungekuwa tope. Tena si kalsiamu yote iliyo kwenye majani ambayo mwili unaweza kuichukua.

Vitamini C ndiyo iliyonitia aibu. Ile mara saba ni ya majani mabichi, ambayo jedwali hilo hilo linayapa kama miligramu 220 kwa gramu 100. Yakishakauka na kusagwa, jedwali linasema 17 tu, kwa sababu vitamini C haivumilii kukaushwa. Chungwa la kawaida lina kama 50 kwa gramu 100, kwa hiyo hata hiyo saba ilipatikana kwa kuchagua chungwa dhaifu. Kijiko chetu cha gramu 7 kinatoa miligramu moja na kidogo. Na sisi tulikuwa tunaliandika hilo Muheza, mahali ambapo machungwa yanauzwa kwa magunia barabarani!

Nilimpigia Shangazi kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya baba. Umenifutia magonjwa, umenifutia maziwa, umenifutia na machungwa. Sasa nauza nini, majani?"

"Ndiyo, Shangazi. Niambie habari za hayo majani."

Alikasirika kidogo, halafu akaanza kueleza, na nilichofanya mimi ni kuandika. Kwamba anachuma asubuhi, anachambua vijiti, anaosha, anatandaza kwenye nyavu ndani ya kibanda, maana jua kali linageuza majani kuwa kahawia. Kwamba anayageuza kutwa mara mbili, na hayasagi mpaka jani likivunjwa kwa vidole lilie kama karatasi, kwa sababu unga wenye unyevu unagandamana na kuota ukungu. Kwamba unga mzuri una kijani cha jani na harufu ya majani makavu, na ukiona umefifia umekaa sana kwenye mwanga. Hayo yote alikuwa anayafanya miaka yote, na kwenye tangazo hayakuwamo hata kwa neno moja.

Tangazo jipya likawa hivi:

"Unga wa majani ya mlonge kutoka Muheza. Yamekaushwa kivulini, ndiyo maana bado ni ya kijani. Fungua pakiti uone rangi kabla hujalipa. Tarehe ya kusaga iko nyuma. Ladha yake ni ya mboga yenye uchungu kwa mbali: anza na nusu kijiko cha chai kwenye uji, ukishaepua. Ni chakula, si dawa. Kama unatumia dawa za hospitali au una mimba, muulize kwanza mhudumu wako wa afya, na dawa zako usiziache."

Shangazi aliigomea sentensi ya uchungu. Nani anatangaza kwamba kitu chake kichungu? Nikamwambia mteja ataujua uchungu akionja mara ya kwanza, afadhali aambiwe na sisi. Na nikimtajia uchungu bila kuulizwa, ataniamini ninaposema majani yalikauka kivulini. Hilo la "uone rangi kabla hujalipa" lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Watu walianza kufika mezani wakitaka kufunguliwa pakiti, na wengine wakaenda kulinganisha na ya jirani.

Tulipata shida pia na shuhuda za wateja. Kuna mama alituma sauti akisema presha yake imeshuka tangu aanze mlonge, na Shangazi aliona hiyo si kauli yetu, ni ya mteja, tuiweke tu stetasi. Nilikataa. Ukishaiweka wewe, ni tangazo lako, na aliyeisikia hajui kama yule mama alibadilishiwa dawa mwezi huo au alipunguza chumvi. Tukamshukuru, tukamwomba aendelee na kliniki. Iliyopanda stetasi ni ya mama mwingine aliyesema wanawe wanamaliza uji tangu aanze kutia mlonge pamoja na ndizi mbivu. Hilo analijua mwenyewe, kila asubuhi analiona bakulini.

Mauzo yalishuka, sitaficha. Waliokuwa wanatafuta dawa ya kisukari walihamia kwa wanaoahidi dawa ya kisukari, na wapo wengi. Waliokuja badala yao walikuwa akina mama wenye watoto wadogo na mama lishe wawili wanaouza uji, na hao wananunua tena pakiti inapoisha. Kwa jumla bado hatujafika tulipokuwa. Yule mstaafu Shangazi alimpigia siku ile ile akamwambia vidonge asiache hata kimoja. Alicheka, akasema, "Mbona karatasi yenu inasema tofauti?" Shangazi hakuwa na jibu la kumpa.

Tunabishana bado juu ya neno moja. Shangazi anataka tuandike "huleta nguvu", kwa hoja kwamba kila chakula kinaleta nguvu, hata ugali. Ni kweli. Nikalipeleka kwa vijana watatu wa kijiweni, nikawaonyesha, nikauliza swali langu. Wawili walitazamana wakaangua kicheko, wa tatu akauliza bei kwa sauti ya chini.

Nilipomsimulia Shangazi, alinyamaza kidogo. "Huyo wa tatu," akasema, "alinunua?"